Je, Wajua? Namba Ndogo Kwenye Karatasi ya Oili

Je, wajua kwamba oili ya injini ina akiba ya dawa ya tindikali, na kwamba akiba hiyo hupimwa na kuandikwa kwa namba? Namba hiyo huitwa TBN. Mara nyingi haipo mbele ya dumu, pale kwenye 15W-40 inayosomwa na kila mtu. Iko kwenye karatasi ya maelezo ya kiwanda, mstari wa chini chini, na mbele yake kuna maneno mg KOH/g. Oili ya kawaida ya magari ya petroli huwa na TBN ya kama 6 hadi 8. Ya malori ya dizeli huwa karibu 10, wakati mwingine 12 au zaidi. Ya meli kubwa zinazochoma mafuta mazito hufika 70, hata 100.

Je, wajua kwamba hiyo KOH inayotajwa haimo kabisa ndani ya oili? KOH ni magadi makali ya potasiamu, na hapa ni kipimo tu. Oili yenye TBN 10 ni oili ambayo kila gramu yake inaweza kuua tindikali sawa na vile miligramu 10 za KOH zingefanya. Kazi yenyewe hufanywa na kitu kingine, nacho ni chokaa. Kiwandani hutengenezwa sabuni ya mafuta yenye kalsiamu, kisha huongezwa chokaa na kupitishiwa gesi ya kaboni dioksidi mpaka zizaliwe chembe za kalsiamu kaboneti, kila moja ikiwa imezungukwa na ile sabuni. Chembe hizo ni ndogo kiasi kwamba mwanga unapita bila kuziona, ndiyo maana oili mpya inang'aa kama asali ilhali imebeba unga wa mawe. Viwanda vingine hutumia magnesiamu badala ya kalsiamu au huchanganya zote mbili.

Na tindikali inatoka wapi? Kutoka kwenye dizeli. Salfa iliyomo kwenye mafuta ikiungua inakuwa gesi ya SO2. Sehemu ndogo ya gesi hiyo inapata oksijeni zaidi na kuwa SO3, nayo SO3 ikikutana na mvuke wa maji, ambao haukosekani popote mafuta yanapoungua, inakuwa tindikali ya salfa, H2SO4. Ni ileile iliyo ndani ya betri ya gari.

Je, wajua kwamba tindikali hiyo haina madhara makubwa ikiwa bado ni mvuke? Ikitoka na moshi ikiwa ya moto, injini imepona. Balaa linaanza inapogeuka umande. Kwenye moshi wa kawaida, umande wa tindikali ya salfa huanza joto likishuka hadi kati ya nyuzi 120 na 150 hivi, yaani kabla maji matupu hayajafikiria kuwa umande. Ndani ya silinda, kwa sababu ya mgandamizo, huanza kwenye joto la juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukuta wa laina ukiwa wa baridi kidogo, tindikali inatua juu yake, na ringi za pistoni zinaifagia kuelekea kwenye oili.

Hapa ndipo ninapotaka kumwuliza kila fundi swali moja: thermostati iko wapi? Kwenye gereji nyingi za kwetu, injini ikichemka mara moja, thermostati inang'olewa na kutupwa, na mwenye gari anaambiwa sasa itakuwa inapoa vizuri. Inapoa kweli. Inapoa mno. Maji yanazunguka kwenye rejeta tangu injini inapowashwa, na laina hazifikii joto lake la kazi, hasa gari likiwa tupu, likiteremka mlima au likiwa foleni. Ukiongeza dizeli yenye salfa nyingi juu ya laina zilizopoa, umeifungulia tindikali mlango. Mlio hutausikia. Utakachoona, siku kichwa cha injini kitakapofunguliwa, ni ukingo karibu na juu ya laina, pale ringi ya kwanza inapogeukia, na ukipitisha ukucha unakwama. Ukingo huo unaweza kuletwa na vumbi pia, lakini tindikali huufanyia kazi mahali palepale, kwa sababu hapo ndipo utando wa oili ni mwembamba na gesi ni kali.

Je, wajua akiba ya oili ni kubwa kiasi gani ukiipigia hesabu? Tuchukue lori moja la masafa. Sampu yake inabeba lita 36 za oili yenye TBN 10. Linakula lita 35 za dizeli kwa kila kilomita 100, na oili inabadilishwa kila kilomita 15,000. Katika muda huo injini itachoma lita 5,250, ambazo ni kama kilo 4,400 za dizeli.

Oili yenyewe ina uzito wa kama kilo 32. Kwa TBN 10, akiba yote ni sawa na gramu 317 za KOH. Ukifuata kanuni ya kemia, KOH hiyo inaua tindikali ya salfa kiasi cha gramu 277, na tindikali hiyo yote imezaliwa na salfa gramu 90. Shika hiyo 90. Ni salfa ya kujaza kiganja, basi, na ikishaingia kwenye oili kama tindikali, oili ya lita 36 haina tena cha kujitetea.

Sasa angalia dizeli. Ikiwa na salfa sehemu 50 kwa milioni, zile kilo 4,400 zina salfa gramu 220. Ili akiba iishe, asilimia 41 ya salfa hiyo ingelazimika kupita kwenye ringi na kuingia kwenye oili. Haiwezekani, maana karibu yote hutoka na moshi. Ikiwa dizeli ina salfa sehemu 5,000 kwa milioni, yaani nusu asilimia, lori lilelile linachoma kilo 22 za salfa katika safari zilezile. Hapo inatosha sehemu nne tu katika kila elfu moja ziingie kwenye oili, na TBN imefika sifuri. Kufika nusu ya akiba, sehemu mbili kwa elfu. Kwa hiyo oili ambayo kwenye dizeli safi ingemaliza muda wake ikiwa na nguvu tele, kwenye dizeli chafu inaweza kuchoka kabla ya nusu ya safari, na ndiyo sababu vitabu vya injini huamuru muda wa kubadilisha oili ufupishwe salfa inapopanda.

Hesabu hiyo ina mpaka wake, nisikufiche. Si salfa peke yake inayokula akiba. Oili yenyewe ikichomwa na joto na hewa inazaa tindikali zake dhaifu, na naitrojeni ya hewani huzaa nyingine. Kwa hiyo TBN hushuka hata Ulaya, ambako dizeli ya magari imewekewa kikomo cha sehemu 10 kwa milioni tangu 2009. Inashuka polepole tu.

Je, wajua kwamba dizeli ya Afrika Mashariki ilibadilika sana mwaka 2015? Januari ya mwaka huo, nchi tano zilizokuwa kwenye Jumuiya, yaani Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zilianza kutumia kiwango cha pamoja cha salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Wengi wetu hatukugundua chochote pampuni zaidi ya bei. Lakini kwa oili ya injini hiyo ilikuwa tofauti ya hali ya hewa nzima. Ghana ilikuwa bado inaruhusu sehemu 3,000 kwa milioni. Septemba 2016 shirika la Uswisi liitwalo Public Eye likatoa ripoti kuhusu makampuni ya biashara ya mafuta yaliyokuwa yakiuza dizeli chafu Afrika Magharibi, dizeli ambayo isingeruhusiwa kuuzwa Ulaya yalikokuwa makao yao. Julai 2017 Ghana nayo ikashusha kikomo hadi 50. Yaani mwaka 2016, dereva wa Takoradi na dereva wa Tanga, wenye malori ya aina moja na oili ya dumu moja, walikuwa na injini zinazoishi maisha mawili: mmoja aliruhusiwa kuchomewa salfa mara 60 zaidi ya mwenzake.

Je, wajua herufi za API kwenye dumu zinasema jambo hilohilo kwa njia yao? Oili ya daraja la CI-4, lililoanza 2002, ilitengenezwa kwa dizeli yenye salfa hadi nusu asilimia, yaani sehemu 5,000 kwa milioni. CJ-4, iliyofuata mwaka 2006, imekusudiwa dizeli isiyozidi sehemu 500. Wauzaji wengi wa vipuri watakuambia CJ-4 ni bora kwa sababu ni mpya zaidi. Kwenye dizeli safi, sawa. Ukiwa na jenereta inayolishwa dizeli ya salfa nyingi, CI-4 ya zamani yenye TBN kubwa inaweza kukulinda kuliko ile mpya na ghali. Daraja jipya si ngazi tu ya kupanda, limebadilishiwa kazi.

Limebadilishiwa kwa sababu ya majivu. Kalsiamu haiungui. Oili kidogo inapopenya na kuungua kwenye silinda, chokaa yake inabaki kama majivu meupe. Malori mapya yana chujio la masizi kwenye bomba la moshi, na chujio hilo linaweza kuchoma masizi likajisafisha, ila majivu hayachomeki, yanajaa tu mpaka chujio lifunguliwe na kusafishwa au kubadilishwa. Ndiyo maana CJ-4 imewekewa kikomo cha majivu cha asilimia 1 ya uzito wa oili. Ukibana majivu, umebana na chokaa, na ukibana chokaa TBN haiwezi kupanda itakavyo. Magari hayo yenye machujio yanahitaji dizeli safi kwa sababu zake nyingine, kwa hiyo mambo mawili yanakwenda pamoja.

Je, wajua Caterpillar kwa miaka mingi waliwapa wateja kanuni ya kichwani? Chukua asilimia ya salfa kwenye dizeli, zidisha kwa 10, hiyo ndiyo TBN ya chini ya oili mpya kwa injini zinazopuliziwa dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Kwa injini za zamani, ambazo dizeli ilipuliziwa kwanza kwenye kichumba cha pembeni, zidisha kwa 20. Na hata hesabu ikitoka ndogo namna gani, usishuke chini ya 5. Kwa dizeli ya asilimia 1, injini ya kawaida inataka 10 na ya kichumba inataka 20. Kwa dizeli yetu ya sehemu 50, ambayo ni asilimia 0.005, hesabu inatoa karibu sifuri, basi unabaki na ile 5 ya chini. Kanuni hiyo ilikuja na agizo la pili: badilisha oili TBN ikishuka hadi nusu ya ilivyoanza.

Sasa, uchakachuaji. Je, wajua kwamba mafuta ya taa yakichanganywa kwenye dizeli yanaharibu hata hesabu ya oili? Tunazoea kusema yanaua pampu na nozeli kwa kukosa ulainishi, na ni kweli. Lakini yanaweza pia kuleta salfa. Mafuta ya ndege aina ya Jet A-1, ndugu wa karibu wa mafuta ya taa, yanaruhusiwa salfa hadi asilimia 0.3, ambayo ni sehemu 3,000 kwa milioni. Tuseme mafuta ya taa ya mchakachuaji yana sehemu 2,000 tu. Akitia lita 10 katika kila 100 za mchanganyiko, dizeli iliyokuwa na sehemu 50 inatoka kituoni ikiwa na karibu 245, mara tano ya kikomo. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, zote kwa lengo la kuua faida ya mchezo huo. Lori letu la mfano, kwa dizeli ya sehemu 245, linachoma salfa ya kilo moja na zaidi kidogo badala ya gramu 220. Oili ya TBN 10 bado itastahimili. Ile ya bei rahisi isiyotaja TBN popote, sijui nani angeisemea.

Je, wajua kwamba TBN kubwa kupita kiasi nayo inakwangua injini? Meli zimelijua hili kwa gharama. Kwenye injini kubwa za meli zenye mapigo mawili, silinda ina oili yake ya peke yake, inayopulizwa kidogo kidogo ukutani, ikafanya kazi na kuungua papo hapo. Mafuta mazito yalipokuwa yakiruhusiwa salfa hadi asilimia 3.5, oili hiyo ilikuwa ya TBN 70 hadi 100. Tarehe 1 Januari 2020 kikomo cha dunia kilishuka hadi asilimia 0.5, na meli nyingi zikahamia oili ya 40 au chini yake. Chombo kinachochoma mafuta yenye salfa kidogo huku kikiendelea na oili ya 100 kinabaki na chokaa isiyo na tindikali ya kupambana nayo. Chokaa hiyo inaganda juu ya pistoni ikawa ngumu kama jiwe, inafuta utando wa oili ukutani, na laina inakwaruzika. Meli zilizofungwa mitambo ya kuosha moshi zimeruhusiwa kuendelea na mafuta ya salfa nyingi, nazo bado zinahitaji oili kali, kwa hiyo bandarini Mombasa au Dar es Salaam meli mbili zilizotia nanga sambamba zinaweza kubeba oili tofauti kabisa.

Je, wajua kwamba rangi ya oili haikuambii chochote kuhusu TBN? Oili ya dizeli hugeuka nyeusi mapema kwa sababu ya masizi iliyoyabeba, na kubeba masizi ndiyo kazi yake. Inaweza kuwa nyeusi na TBN iko 8, au bado ina rangi ya chai na TBN imeisha. Kuionja kwa kidole, kuinusa, kuidondosha kwenye karatasi, vyote hivyo vina maana yake, ila havipimi tindikali.

Kinachopima ni maabara, au kifaa kidogo cha kubebeka kinachotumika sana melini. Kifaa hicho kina ujanja unaonifurahisha. Kwa kuwa akiba ya oili ni kaboneti, ukiitilia tindikali inatoa povu la kaboni dioksidi, kama soda. Unatia oili iliyopimwa kwenye chupa ya chuma, unaongeza kimiminika chenye tindikali, unafunga kwa nguvu na kutikisa. Gesi inajaa, kipimo cha mgandamizo kinapanda, nawe unasoma TBN. Oili iliyochoka haina povu la kutoa.

Maabarani kuna mtego wa kuangalia. Njia mbili zinatumika, D2896 na D4739. Ya kwanza hutumia tindikali ya pakloriki, ambayo ni kali na huhesabu kila kitu chenye ualkali hata kidogo, pamoja na viungo vya kutawanya masizi. Ya pili hutumia tindikali ya haidrokloriki na huhesabu kile chenye nguvu ya kweli. Viwanda hutangaza oili mpya kwa njia ya kwanza, na maabara nyingi hupima oili iliyotumika kwa njia ya pili. Mwenye malori akiona 10 kwenye karatasi ya kiwanda na 6 kwenye ripoti, asikimbilie kumlaumu mwuza dizeli. Amwombe mtaalamu wa maabara apime na oili mpya kutoka dumu lilelile kwa njia ileile, huenda ikasoma 8.

Na sampuli ichukuliwe injini ikiwa ya moto, oili ikiwa imetiririka kidogo kwanza, si ile ya mwanzo yenye takataka za chini wala ile ya mwisho. Mwandikie maabara pia ni lita ngapi zimeongezwa tangu oili ibadilishwe. Injini inayokula oili hupata chokaa mpya kila dereva anapoongeza lita moja, hivyo TBN yake husoma juu kuliko ya injini nzima, na mzee wa ringi zilizokwisha anaweza kuonekana ana afya kuliko kijana. Ndiyo maana ripoti nzuri huonyesha pia kipimo cha tindikali yenyewe, TAN, na madini yaliyosagika: chuma kutoka kwenye laina, risasi na shaba kutoka kwenye metali. TBN ikiwa imeshuka hadi 3, TAN imeipita, na chuma kimeruka kuliko ripoti iliyotangulia, oili hiyo imwagwe leo, hata kama kibandiko kwenye kioo kinasema zimebaki kilomita 4,000.